Unga unaoondolewa sokoni: kutafsiri sentensi kwa sentensi, kulainisha, au kuandika upya?

Viwanda vingi vya vyakula huandika kwanza kwa Kiingereza taarifa ya kuondoa bidhaa sokoni, kwa kuwa cheti cha maabara kimetoka kwa Kiingereza, mwanasheria wa kampuni ameihariri kwa Kiingereza, na wamiliki wameidhinisha maneno hayohayo. Kiswahili huja baadaye, mara nyingi mchana wa siku ileile, mikononi mwa mtu anayeambiwa kwamba taarifa inatakiwa redioni kabla ya habari za jioni. Mtu huyo ana njia tatu. Anaweza kutafsiri sentensi kwa sentensi, anaweza kulainisha taarifa ili watu wasishtuke, au anaweza kuyachukua mambo yaliyothibitishwa na kuyaandika upya kwa Kiswahili kwa mpangilio unaomfaa msomaji. Ulinganisho huu unazipima njia hizo kwa taarifa moja, ili anayepewa kazi ya namna hii Arusha au Moshi aweze kuchagua kabla hajaandika neno la kwanza.

Taarifa yenyewe

Tuchukue kiwanda cha kubuni kinachosaga sembe jijini Arusha. Maabara imepima sampuli ya unga wa toleo namba 0415 na kukuta mikrogramu 23 za aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu, katika kilo moja. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka aflatoksini zote kwa jumla zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo moja ya unga wa mahindi, na aina ya B1, ambayo ndiyo kali kuliko zote, isizidi 5. Kiwanda kimeamua kuondoa sokoni matoleo sita, kuanzia 0412 hadi 0417, ingawa lililopimwa ni moja tu, kwa sababu yote sita yalisagwa kutokana na shehena moja ya mahindi. Uamuzi huo una msingi wa kitaalamu, kwani kuvu haishambulii mahindi kwa usawa. Magunia machache yaliyopata unyevu ghalani yanaweza kubeba karibu sumu yote ya shehena nzima, na sampuli iliyochotwa pembeni ikatoka safi. Mifuko iliyouzwa ni ya kilo 2 na ya kilo 5, nayo imefika kwenye maduka ya Arusha, Usa River, Bomang'ombe, Moshi na Himo.

Taarifa ya Kiingereza ina aya sita. Aya ya kwanza inaeleza kampuni ilianza lini na inavyojali ubora. Ya pili inasema kwamba kampuni inaondoa bidhaa kwa hiari yake na kwa tahadhari. Ya tatu inataja matokeo ya maabara, ya nne inasema hakuna ugonjwa ulioripotiwa, ya tano inawaelekeza wanunuzi waache kutumia bidhaa, waitupe salama au wairudishe wakiwa na uthibitisho wa kununua, na ya sita inatoa saa za kupiga simu. Hakuna uongo ndani yake. Ni taarifa nzuri kwa msomaji iliyomlenga, yaani mwanahabari wa gazeti la biashara na mwanasheria wa upande wa pili.

Njia ya kwanza: sentensi kwa sentensi

Ukiifuata taarifa hiyo hatua kwa hatua, sehemu yake ya kati itasomeka hivi:

> Kampuni inatangaza urejeshaji wa hiari wa matoleo teule ya unga wa mahindi kutokana na uwezekano wa uwepo wa viwango vilivyopanda vya aflatoksini. Hakuna magonjwa yaliyoripotiwa hadi sasa. Walaji wanashauriwa kusitisha matumizi ya bidhaa zilizoathirika na kuzitupa kwa usalama au kuzirejesha mahali pa manunuzi pamoja na uthibitisho wa manunuzi.

Kila neno lina mwenzake katika Kiingereza, na mwanasheria akizilinganisha karatasi mbili hataona pengo. Hiyo ndiyo nguvu ya njia hii, na si nguvu ndogo, kwa sababu taarifa ya namna hii inaweza kufika mahakamani. Shida inaanza pale karatasi inapotoka kwa mwanasheria na kufika kwa mama anayesonga ugali Majengo.

Neno la kwanza kumkwamisha ni urejeshaji. Kiwanda kikisema kinarejesha unga, msikilizaji wa redio anaweza kuelewa kwamba unga uliokuwa umeadimika sasa unarudi madukani, na asubuhi akaenda kuutafuta. La pili ni hiari. Katika Kiingereza cha kisheria linamaanisha kwamba kampuni haikusubiri kuamriwa na mamlaka. Katika sentensi hii ya Kiswahili linaning'inia karibu na kitendo cha kurudisha, na mtu anabaki akidhani kwamba kurudisha mfuko ni hiari yake, kwamba akipenda arudishe na asipopenda apike. Kampuni ikitaka sifa ya kuwa imejianzia yenyewe, na ina haki ya kuitaka, iseme kwa sentensi kamili kwamba kiwanda kimechukua hatua hii chenyewe mara baada ya kupata matokeo ya maabara.

Kosa zito zaidi, na lisiloonekana haraka, limo katika maneno yanayohusu uwezekano wa uwepo. Kiingereza kiliweka neno la shaka kwa sababu matoleo matano hayajapimwa. Tafsiri imelipeleka neno hilo kwenye matoleo yote sita, pamoja na 0415 ambalo matokeo yake yapo mezani. Hapo tafsiri imekuwa aminifu kwa umbo la sentensi huku ikipotosha hali halisi. Shaka ni ya matoleo matano, na uhakika ni wa moja.

Bidhaa zilizoathirika nazo zinasikika kama bidhaa zilizopatwa na mafuriko. Unga unaohusika unatosha.

Njia ya pili: kulainisha

Njia hii huchaguliwa na wakubwa wa mauzo zaidi ya watafsiri. Hoja yao si ya kupuuzwa moja kwa moja: watu wa kaskazini wanakumbuka mlipuko wa mwaka 2016, ambapo sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Manyara ni jirani. Likisikika neno sumu redioni, wanasema, hakuna atakayenunua unga wa kiwanda chochote. Kwa hiyo wanapendekeza hivi:

> Tunapenda kuwataarifu wateja wetu wapendwa kwamba tumebaini changamoto ndogo ya ubora katika baadhi ya bidhaa zetu. Tunaendelea kuifanyia kazi na tunawahakikishia kwamba bidhaa zetu ni salama. Mwenye swali anakaribishwa kuwasiliana nasi.

Kiswahili chake kinateleza kuliko cha njia ya kwanza, na ndiyo maana ni hatari. Msomaji hajui ni unga upi, una nini, wala afanye nini na mfuko ulioko jikoni. Changamoto limekuwa neno la kufunikia kila kitu, kuanzia barabara mbovu hadi umeme kukatika, na anayelisikia kwenye tangazo la chakula hujaza mwenyewe kilichofichwa. Kipande cha tangazo kitazunguka kwenye makundi ya simu kikiwa na maelezo ya mtu mwingine chini yake, na maelezo hayo hayatakuwa na namba za matoleo. Kwa hiyo hata lengo la kutuliza halifikiwi. Asiyejua ni mfuko gani ataogopa mifuko yote.

Sentensi inayohakikisha kwamba bidhaa ni salama inastahili kuangaliwa peke yake. Kiwanda hakikupima bidhaa zake zote. Kimepima toleo moja na kukuta limezidi kiwango. Kusema kwamba bidhaa ni salama ni kutoa ushahidi ambao hakuna aliyeukusanya. Kinachoweza kusemwa kwa ukweli ni kwamba unga wenye namba nyingine za toleo hauhusiki na tangazo hili. Sentensi hiyo inatuliza kwa kiasi kilekile ambacho ukweli unaruhusu, bila kuongeza.

Sioni hali ambayo njia hii ingefaa kwa chakula. Labda kwa lebo iliyobandikwa vibaya, ambayo haimdhuru mtu.

Njia ya tatu: kuandika upya

Katika njia hii mwandishi haanzi na sentensi za Kiingereza. Anaanza kwa kuyatoa ndani yake mambo yaliyothibitishwa: bidhaa gani, namba zipi, ukubwa gani wa mfuko, kimepatikana nini, katika toleo lipi, kimepimwa na nani, mnunuzi afanye nini, fedha zinarudi vipi, na nini bado hakijajulikana. Kisha anayaandika kwa mpangilio wa mtu aliyesimama mbele ya rafu akiwa na mfuko mkononi:

> Kiwanda kinaondoa sokoni unga wa sembe wenye namba za toleo 0412, 0413, 0414, 0415, 0416 na 0417, wa mifuko ya kilo 2 na ya kilo 5. Namba ya toleo imechapwa karibu na mshono wa juu wa mfuko, baada ya herufi B/N. Kama una mfuko wenye mojawapo ya namba hizi, usiupike, usimpe mtu mwingine, na usiulishe mifugo. Urudishe kwenye duka ulikoununua ili urudishiwe fedha yako, hata kama mfuko umeshafunguliwa na hata kama huna risiti.
>
> Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba unga wa toleo 0415 una sumukuvu aina ya aflatoksini mikrogramu 23 kwa kilo, wakati kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10. Matoleo mengine matano bado hayajapimwa. Yanaondolewa kwa sababu yalisagwa kutokana na shehena ileile ya mahindi. Sumukuvu hii haionekani kwa macho, na haiondoki kwa kuchekecha wala kwa kupika. Hadi leo kiwanda hakijapokea taarifa ya mtu aliyeugua kutokana na unga huu. Unga wenye namba nyingine za toleo hauhusiki na tangazo hili.

Historia ya kampuni imeondoka juu. Kama wamiliki wanaihitaji, ikae mwisho kabisa. Namba zimeandikwa zote sita badala ya kuanzia hii hadi ile, kwa sababu mtu mwenye mfuko wa 0417 asiachwe akijiuliza kama namba ya mwisho imo au haimo. Herufi B/N zimebaki kama zilivyochapwa, kwani msomaji atazitafuta kwa macho, na tafsiri nzuri ya herufi hizo ingemnyima kitu cha kulinganisha.

Sentensi ya ugonjwa imebadilika kidogo tu, na mabadiliko hayo ni ya lazima. Msikilizaji anayeambiwa kwamba hakuna magonjwa yaliyoripotiwa husikia kwamba hakuna aliyeugua, na hilo ni dai kuhusu watu wote wa mikoa miwili. Kusema kwamba kiwanda hakijapokea taarifa ya mtu aliyeugua ni dai kuhusu kiwanda, na kiwanda kinaweza kulithibitisha. Kesho mtu akijitokeza zahanati, sentensi ya pili bado itakuwa ilikuwa kweli siku ilipoandikwa, na ya kwanza itaitwa uongo.

Ni kweli pia kwamba rasimu hii imeongeza mambo ambayo Kiingereza hakikuyasema, na hapo ndipo penye hatari ya njia ya tatu. Tuyaangalie mawili.

La kwanza ni mifugo. Kiingereza kilisema tu kwamba bidhaa itupwe salama. Mwandishi aliyezoea nyumba za mijini ulaya huona pipa la taka lenye mfuniko. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, familia nyingi zina ng'ombe wa zizini, kuku, na mara nyingine nguruwe, na unga usiofaa kwa ugali haufiki shimoni. Unachanganywa kwenye chakula cha mifugo. Ng'ombe akila aflatoksini B1, sehemu yake hutoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka kuwa aina ya M1, kwa hiyo sumu iliyokwepwa kwenye ugali inaweza kurudi kwenye chai ya maziwa. Kuku, na hasa bata, hudhurika moja kwa moja. Mtafsiri anayeijua hali hii hana ruhusa ya kuandika katazo peke yake. Ana wajibu wa kumpigia meneja wa ubora, kuuliza, na kupata jibu kwa maandishi. Akifika hapo aulize pia juu ya pumba. Sembe hupatikana baada ya mahindi kukobolewa, na sehemu kubwa ya aflatoksini hubaki kwenye maganda na kiini, yaani kwenye pumba, ambazo kiwanda huenda kimeziuza kwa wafugaji. Taarifa ya Kiingereza haikuzitaja kabisa. Huo ni upungufu wa taarifa ya awali, na mara nyingi mtafsiri ndiye mtu wa kwanza kuuona kwa sababu ndiye anayelazimika kumfikiria msomaji wa mwisho.

La pili ni risiti. Uthibitisho wa kununua ni sharti la kawaida kwenye duka kubwa lenye mashine ya risiti. Sembe ya kilo 2 hununuliwa kwa Mangi, dirishani, na wakati mwingine kwa mkopo ulioandikwa kwenye daftari. Ukitafsiri sharti hilo kama lilivyo, umewaambia wanunuzi wengi kwamba hawatarudishiwa chochote, nao watafanya hesabu ya kawaida ya nyumbani: unga umelipiwa, watoto wana njaa, na sumu yenyewe haionekani. Kiwanda kinaweza kukubali mfuko wenyewe kuwa uthibitisho, kwa kuwa namba ya toleo imo juu yake. Kinaweza pia kukataa. Vyovyote watakavyoamua, uamuzi ni wao, na mwandishi anaandika walichoamua. Mangi naye lazima awe ameambiwa na msambazaji kwamba atafidiwa, la sivyo tangazo litampelekea ugomvi dukani.

Maneno kuhusu kuchekecha na kupika ni nyongeza ya aina hiyohiyo, nayo inahitaji idhini, ingawa yenyewe si ya kubishaniwa: joto la sufuria ya ugali halitoshi kuiharibu aflatoksini.

Utulivu unatoka wapi

Wateja wa kazi hizi huomba sentensi inayosema wananchi wasiwe na hofu. Ningeshauri iachwe. Mtu ambaye hakuwa ameogopa huanza kuogopa anapoambiwa asiogope, hasa sauti hiyo ikitoka kwa yule aliyeuza unga. Utulivu wa taarifa ya chakula unatokana na mipaka: mfuko huu na si ule, kiwango hiki, hatua hizi, tumejua haya na haya hatujayajua bado.

Uteuzi wa jina la sumu una sehemu yake. Aflatoksini ikisimama peke yake ni neno la maabara, na wengi wataliacha lipite. Sumu ikisimama peke yake inaleta picha ya dawa ya panya. Sumukuvu ndilo neno linalotumiwa na maofisa kilimo na wa afya katika kampeni zao. Linabeba maana ya kitu kinachotokana na kuvu, na linasema ukweli bila kupiga kelele. Litangulie hilo, kisha aflatoksini ifuate mara moja, ili anayetaka kulinganisha na cheti aweze.

Tarakimu nazo zinahitaji uangalifu. Mikrogramu 23 ni zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa, na kusema hivyo ni sahihi. Kusema imezidi kiwango kwa mara mbili si sahihi, kwa kuwa kunaweza kusomeka kama mikrogramu 30. Redioni, ambako tarakimu zenye mikrogramu hupita masikioni kama upepo, maneno zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa yanatosha, na namba kamili zibaki kwenye karatasi.

Je, taarifa iseme lolote juu ya ukubwa wa hatari? Hapa ndipo njia ya pili na ya tatu zinapokaribiana, na mwandishi anaweza kuteleza asijue. Ni kweli kwamba 23 iko mbali na viwango vya milipuko inayoua kwa haraka. Katika mlipuko wa Kenya wa mwaka 2004, ulioua watu 125, baadhi ya sampuli za mahindi zilivuka mikrogramu 1,000 kwa kilo. Ni kweli vilevile kwamba kiwango kidogo kinacholiwa kila siku kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B, na kwamba mtoto anayekunywa uji wa unga huo asubuhi na jioni anapata kiasi kikubwa zaidi kwa uzito wake. Ukiandika nusu ya kwanza peke yake umelainisha. Ukiandika ya pili peke yake umetisha. Mtafsiri asiandike yoyote kati ya hizo kwa kichwa chake. Kama daktari au mtaalamu wa usalama wa chakula ameandika sentensi mbili za kuyabeba yote, ziwekwe kwa jina la cheo chake. Kama hakuna, taarifa ibaki kwenye vipimo na hatua.

Maelekezo ya kwenda hospitali yasiwe ya kubahatisha pia. Mtoa huduma wako wa afya ni usemi wa nchi ambako kila mtu ana daktari wake. Andika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na uombe ruhusa ya kuongeza kwamba mgonjwa aende na mfuko wa unga.

Saa na mamlaka

Kiingereza kikisema simu zinapokelewa kuanzia saba asubuhi hadi tano jioni, Kiswahili kinasema saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni, na kosa hapa halisahihishwi na mtu yeyote hadi simu zilie bila kupokelewa. Siku ya mwisho isiishie saa sita usiku wa Ijumaa, kwa kuwa hakuna anayejua kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi. Andika kwamba mwisho ni Ijumaa, saa 12 jioni, kama kiwanda kitakubali kusogeza.

Taarifa ikiitaja mamlaka, chakula kiko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019, jukumu hilo lilipotoka kwa iliyokuwa TFDA, ambayo sasa ni TMDA na inashughulika na dawa na vifaa tiba. Violezo vya zamani vya kampuni bado vina jina la awali.

Uchague ipi

Kwa tangazo litakalosomwa redioni, kubandikwa dukani na kutumwa kwenye simu, chagua njia ya tatu, na usiikubali kazi kama huwezi kumpata mtu wa kiwandani wa kujibu maswali siku hiyohiyo. Bila mtu huyo njia ya tatu inageuka kuwa kisio la mtafsiri, na afadhali tafsiri ngumu ya njia ya kwanza kuliko kisio laini. Kwa nakala itakayokwenda TBS, kwa bima au kwenye faili la mwanasheria, njia ya kwanza ndiyo inayofaa, ila shaka na uhakika vikae kwenye matoleo yake na neno hiari lipewe sentensi yake. Kazi iliyo kamili huwa na karatasi zote mbili, zikiwa na tarehe moja, na bei yake ikadiriwe kama kazi mbili.

Mwanasheria akihofia kwamba rasimu ya tatu imeiacha taarifa ya Kiingereza, usimwombe akuamini. Mpe mtu wa tatu, ambaye hajauona Kiingereza, asome Kiswahili na kuandika kwa lugha yoyote mambo aliyoyapata: bidhaa, namba, vipimo, hatua, yasiyojulikana. Orodha hiyo iwekwe karibu na ile iliyotolewa kwenye Kiingereza mwanzoni. Palipotofautiana ama ni kosa, ama ni nyongeza yenye idhini, na kila nyongeza iwe na ujumbe wa meneja wa ubora unaoionyesha.

Jaribio la pili ni fupi zaidi na hufichua zaidi. Mpe muuza duka karatasi, na mfuko wenye namba isiyohusika, kwa mfano 0418, kisha umuulize kama angeendelea kuuuza. Akisita, sentensi ya mwisho ya tangazo haijakaa wazi. Mpe wa 0413 na umuulize kama unga huo umepimwa. Akijibu kwamba umekutwa na sumukuvu, basi rasimu imerudia kosa lilelile la njia ya kwanza kwa maneno mazuri zaidi.

Baada ya siku kadhaa matokeo ya matoleo matano yatatoka, na taarifa ya pili italetwa mezani. Hiyo huwa fupi, haina maelekezo mapya ya jikoni, na tafsiri ya sentensi kwa sentensi kwa kawaida huitosheleza, mradi itaje waziwazi ni namba zipi zimeruhusiwa kuuzwa tena na ni zipi zinateketezwa.